Swali la nne: kosa la mafunzo, kosa la mtihani, na sakafu

(Maelezo niliyoyatoa darasani jioni, tulipokuwa tunarudisha karatasi za kwizi ya kujifunza kwa mashine. Nimeyaandika upya kwa ajili ya waliokosa kipindi.)

Ndugu zangu, habari za jioni. Karatasi zenu ninazo hapa na nitazigawa tukimaliza, kwa sababu nikizigawa sasa hakuna atakayenisikiliza. Swali la kwanza hadi la tatu mmefanya vizuri, sina la kusema. La nne limewaangusha wengi, na waliolipata wengine wamelipata kwa sababu zisizo sahihi. Kwa hiyo leo tutakaa na hilo moja, na mengine mawili yanayozaliwa nalo.

Swali lilisema hivi. Tuna safari 100 za daladala kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Kariakoo. Hamsini ni za asubuhi na kwa wastani huchukua dakika 80. Hamsini ni za mchana na kwa wastani huchukua dakika 40. Safari za saa ileile hutofautiana zenyewe kwa zenyewe, na mkengeuko sanifu wake ni dakika 10. Modeli nne zimefunzwa kukisia muda wa safari kutokana na saa ya kuondoka. Kwa kila modeli mmepewa namba mbili: kosa la mafunzo, yaani modeli imekosea kiasi gani kwenye safari ilizofundishiwa, na kosa la mtihani, yaani imekosea kiasi gani kwenye safari mpya za saa hizohizo. Kosa ni wastani wa miraba: unachukua dakika ulizokosea, unazizidisha zenyewe kwa zenyewe, kisha unatafuta wastani.

Modeli A: mafunzo 0, mtihani 200. Modeli B: mafunzo 80, mtihani 120. Modeli C: mafunzo 98, mtihani 102. Modeli D: mafunzo 499, mtihani 501. Ipi imekariri, ipi haijajifunza, na ipi ungeipeleka kituoni kesho?

A hakuna aliyeikosa. Kosa la mafunzo sifuri, la mtihani 200, hata mtoto anaona kwamba huyu amekariri. Shida ilianzia D. Karibu nusu yenu mmeandika kwamba D ndiyo bora, na sababu mmeiandika kwa kujiamini kabisa: "pengo ni dogo kuliko yote." Ni kweli, pengo la D ni 2 na la C ni 4. Lakini D inakosea kwa takriban dakika 22 kila safari, ukitafuta kipeo cha pili cha 501. Mwanafunzi anayepata sifuri kwenye mazoezi na sifuri kwenye mtihani naye hana pengo.

Wengine mmekwenda upande wa pili: B mmeiita imekariri sana kwa sababu 120 ni mara moja na nusu ya 80. Hilo nalo tutaliangalia, maana B ina tatizo, ila dogo kuliko mnavyodhani.

Wote waliokosea wameruka sentensi moja: "mkengeuko sanifu wake ni dakika 10." Hiyo ndiyo ufunguo wa swali zima. Kumi mara kumi ni 100. Maana yake, hata ungekuwa na modeli inayojua wastani wa kweli wa kila saa, isiyokosea chochote, bado ungekosea 100. Kwa nini? Kwa sababu leo trafiki amesimamisha magari kwa dakika tano, kesho dereva anasubiri abiria wajae, keshokutwa barabara nyeupe. Saa ya kuondoka haikuambii hayo. Hiyo 100 mimi naiita sakafu. Hakuna modeli inayotumia saa peke yake itakayoshuka chini yake kwa haki. Nasisitiza hayo maneno "kwa haki", tutayarudia.

Sasa weka sakafu kati ya namba zenu mbili mwone kinachotokea. A ni 0 na 200: moja iko 100 chini ya sakafu, nyingine 100 juu yake. B ni 80 na 120: ishirini chini, ishirini juu. C ni 98 na 102: mbili chini, mbili juu. Mnaona ulinganifu huo? Si bahati, na wala sikuzitunga namba ili zipendeze. D ndiyo tofauti: zote mbili ziko juu, mbali na sakafu, moja 399 na nyingine 401.

Dada mmoja hapo nyuma ameniuliza wakati wa mapumziko: "Mwalimu, kosa la mafunzo linawezaje kuwa chini ya sakafu, wakati umesema hakuna anayeweza kushuka?" Swali zuri kuliko la kwangu. Nimjibu kwa kufungua modeli zenyewe, maana zote nne ni modeli moja.

Ni ile ya majirani wa karibu. Ukitaka kukisia safari ya saa fulani, unatafuta safari `k` zilizoondoka karibu na saa hiyo, unachukua wastani wa muda wake, basi. A ni `k=1`. B ni `k=5`. C ni `k=50`. D ni `k=100`, yaani kila safari tuliyo nayo.

Chukueni A. Jumanne moja gari limeondoka saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi na limechukua dakika 97, kwa sababu lori liliharibika Mtoni kwa Azizi Ali. Ukiiuliza A kuhusu safari hiyohiyo, jirani wa karibu zaidi wa safari hiyo ni yenyewe, kwa hiyo inajibu 97. Kosa sifuri. Imejifunza nini? Imejifunza lori. Wiki inayofuata unaondoka saa ileile, lori halipo, A bado inasema 97. Umebeba bahati mbaya ya Jumanne ile, kwa wastani wa siku zote 100, ukaijumlisha na bahati ya leo, nayo 100. Jumla 200. Hapo ndipo namba ya mtihani inapotoka, na ndipo jibu la dada linapopatikana: kosa la mafunzo linashuka chini ya sakafu kwa sababu modeli inachukua kelele za data kama vile ni elimu. Kadiri linavyoshuka chini, ndivyo kosa la mtihani linavyopanda juu. Deni ni lilelile, limehamishwa daftari tu.

B inachukua wastani wa safari tano. Lori limo, lakini limegawanywa kwa tano, kwa hiyo kelele inayobebwa ni 100 gawanya kwa 5, yaani 20. Mtihani: 100 na 20, ni 120. Mafunzo: 100 toa 20, ni 80, kwa sababu safari unayoikisia ni mojawapo ya zile tano, nayo inavuta wastani kuelekea kwake. C inagawanya kwa 50: mtihani 102, mafunzo 98.

Hiyo kelele inayobebwa ndiyo kitu ambacho vitabu vinakiita variansi. Mimi naiita mtawanyiko. Maana yake halisi ni hii: kama ningekusanya safari 100 nyingine za njia hiyohiyo na kufunza modeli upya, jibu lake la saa kumi na mbili na dakika arobaini lingetangatanga kiasi gani? A ingetangatanga sana, maana inategemea safari moja. C isingetikisika.

Halafu D. D inachukua safari zote 100, za asubuhi na za mchana, na inasema dakika 60 muda wote. Haitangatangi, mtawanyiko wake ni 1 tu. Lakini asubuhi inakosea kwa dakika 20 na mchana inakosea kwa dakika 20, kila siku, kwa uhakika kabisa. Ishirini mara ishirini ni 400. Huo ndio bayasi, nao nitauita mwegemeo: kosa ambalo haliondoki hata ukifunza upya mara elfu, kwa sababu modeli yenyewe haina mahali pa kuweka tofauti ya asubuhi na mchana. Jumlisha: mraba wa mwegemeo 400, mtawanyiko 1, sakafu 100. Ni 501. Kosa la mtihani siku zote ni vitu hivyo vitatu. Mwaka 1992 Geman, Bienenstock na Doursat waliandika makala kuhusu mitandao ya nyurali, yaani modeli zilizoigwa kutoka ubongo, na mvutano huu wa mwegemeo na mtawanyiko, na tangu hapo watu wa fani yetu wamekuwa wakiuzungumzia kama njia panda: ukipunguza kimoja, kingine kinapanda.

Hapa kwetu kinapanda wapi? Kuanzia `k=1` hadi `k=50` mtawanyiko unashuka na mwegemeo haupo, kwa sababu majirani wote ni wa asubuhi. Ukivuka 50 unaanza kuazima safari za mchana ili kukisia asubuhi. Kwa `k=75` asubuhi inakisiwa kuwa dakika 66 na ushei badala ya 80, na kosa la mtihani linaruka kutoka 102 hadi karibu 279. Barabara halisi haigawanyiki asubuhi na mchana kwa kisu namna hii, msongamano unapungua taratibu, kwa hiyo kwenye data za kweli mtaona mteremko na mwinuko wa polepole. Nilifanya hivi ili hesabu ziingie kwenye karatasi ya kwizi.

Basi jibu la swali la nne: A imekariri, D haijajifunza, C ndiyo ya kupeleka kituoni. B imekariri kidogo. Na utaratibu wa kusoma ni huu: kwanza linganisha kosa la mafunzo na sakafu. Likiwa juu sana, ni mwegemeo. Kisha linganisha mafunzo na mtihani. Pengo likiwa kubwa, ni mtawanyiko. Bila sakafu, hatua ya kwanza huna pa kuianzia, na ndiyo maana swali la sita, lile la modeli ya picha za majani yenye kosa la mafunzo asilimia 14 na la mtihani asilimia 16, jibu lake lilikuwa "haitoshi kusema". Ikiwa mabwana shamba wawili wenyewe hawakubaliani kwenye asilimia 13 ya picha hizo, modeli iko karibu na mwisho wa uwezo. Ikiwa wanakubaliana kwenye picha zote, modeli ina mwegemeo mkubwa. Namba ni zilezile. Walioandika "haitoshi kusema" walikuwa watatu, na mmoja wao nadhani alikuwa amechoka tu.

Sasa swali la tano. Liliuliza: tukiongeza safari kutoka 100 hadi 1,000, makosa yatabadilikaje? Hapa kila mmoja ameandika "data zaidi hutibu kukariri." Sentensi hiyo ni nzuri, lakini ina masharti.

Anzeni na D. Safari 1,000, bado inasema 60. Mafunzo 499.9, mtihani 500.1. Mmelipia watu wa kurekodi safari 900 zaidi mkapata punguzo la chini ya moja. Ukiona mistari miwili ya grafu, wa kosa la mafunzo na wa kosa la mtihani, imekutana juu, mbali na sakafu, usitafute data, tafuta modeli yenye uwezo zaidi au taarifa nyingine, kama vile siku ya wiki au mvua.

A je? Hapa wengi mtashangaa. Mafunzo 0, mtihani 200, vilevile. Jirani mmoja ni jirani mmoja, awe amechaguliwa kati ya 100 au kati ya 1,000, bado anabeba kelele yake yote. Cover na Hart walishaonyesha jambo la jamii hii mwaka 1967, kwa upande wa kuainisha: data zikiongezeka bila kikomo, kosa la jirani mmoja halizidi mara mbili ya lile dogo kabisa linalowezekana. Watu huisoma kama habari njema. Ni njema, lakini "mara mbili" ile ndiyo 200 yetu dhidi ya 100. Data zaidi hapa inakusaidia ukiitumia kupandisha `k`: ukiwa na safari 500 za asubuhi unaweza kuchukua majirani 500 bila kugusa mchana, na mtawanyiko unashuka hadi 0.2. Ukiiacha `k` pale pale, umejaza ghala ambalo hulifungui.

Modeli ya mstari ndiyo inayofuata ile sentensi yenu. Tuseme ina vigezo 20, yaani namba 20 inazojifunza kutoka kwenye data, na safari 100, na haina mwegemeo. Kosa la mafunzo ni 100 mara `(1 - 20/100)`, yaani 80. La mtihani, kwa saa zilezile, ni 100 mara `(1 + 20/100)`, yaani 120. Ni B yetu imerudi na nguo nyingine: vigezo 20 kwa safari 100 ni sawa na kuwa na majirani watano. Ongeza hadi safari 1,000: mafunzo 98, mtihani 102. Mistari miwili inaifuata sakafu, mmoja kutoka chini, mwingine kutoka juu.

Angalieni huo wa kutoka chini. Kosa la mafunzo limepanda, kutoka 80 hadi 98, na modeli imekuwa bora. Watu kumi na mmoja wamelikataa jibu hilo kwa sababu "data zaidi haiwezi kuongeza kosa." Inaongeza kosa la mafunzo, na inapaswa kuongeza. Kukariri safari 100 ni rahisi kuliko kukariri 1,000.

Tahadhari moja kuhusu fomula hiyo. Inahusu mtihani wa saa zilezile ulizofundishia. Ukiletewa saa usizoziona, hali ni mbaya zaidi, hasa idadi ya vigezo inapokaribia idadi ya safari. Hapo kosa la mtihani linaweza kupaa mno. Na nyurali kubwa zenye vigezo vingi kuliko data wakati mwingine huvuka kilele hicho na kosa likaanza kushuka tena, jambo ambalo Belkin na wenzake walilieleza mwaka 2019. Hilo tutakuja nalo muhula ujao, msilitumie leo kujitetea.

La mwisho ni swali la saba, na hili nawaomba radhi kwa sababu nililiwekea mtego ninaoujua kwa kuungua nao. Modeli A, `k=1`, mafunzo 0, mtihani 4. Mmeshangilia wote. "Modeli bora, haina mwegemeo wala mtawanyiko."

Sakafu ni ngapi? Mia moja.

Miaka kadhaa iliyopita mimi na mwenzangu tulirekodi safari za njia hii kweli. Ili tusipoteze data simu ikizima, tulipanda gari moja tukiwa na simu mbili, kila mmoja anarekodi ya kwake. Mistari ya simu zote mbili tukaimwaga kwenye jedwali moja, tukachanganya, tukatenga asilimia 20 ya mtihani kwa bahati nasibu. Kwenye mistari mingi ya mtihani kosa likawa kama dakika 2. Tulikunywa soda siku ile. Wiki iliyofuata tukaijaribu kwenye safari mpya, ikawa inakosea dakika 14, 15.

Mmeshaona. Safari moja ilikuwa na mistari miwili, na mara nyingi mmoja uliangukia mafunzo na mwingine mtihani. Jirani wa karibu wa mstari wa mtihani alikuwa ni gari lilelile, asubuhi ileile, lori lilelile. Tofauti ya dakika 2 ilikuwa ni mmoja wetu kuchelewa kubonyeza. Na zile dakika 14 za wiki iliyofuata ni kipeo cha pili cha 200, A yetu ya kawaida kabisa bila vazi.

Ndiyo maana nilisema "kwa haki". Kosa la mafunzo likiwa chini ya sakafu, modeli imekariri. Kosa la mtihani likiwa chini ya sakafu kwa mbali, majibu yamevuja. Kwa mbali, nasema, kwa sababu mtihani mdogo una bahati yake: kwa picha 100 zenye kosa la asilimia 10, kubahatika juu au chini kwa asilimia 3 ni jambo la kawaida. Kutoka 100 hadi 4 si bahati. Dawa yake ni kugawa kwa safari, si kwa mistari:

```python
from sklearn.model_selection import GroupKFold
from sklearn.metrics import mean_squared_error

gkf = GroupKFold(n_splits=5)
for f, m in gkf.split(X, y, groups=safari):
    modeli.fit(X[f], y[f])
    print(mean_squared_error(y[m], modeli.predict(X[m])))
```

Hapo `safari` ni namba ya gari na siku, kwa hiyo simu mbili za gari moja haziwezi kutenganishwa. Tulipoirudia hivyo kwenye data zetu za zamani na kutafuta kipeo cha pili, dakika 2 zilipotea na 14 zikatokea bila kusubiri wiki.

Swali la saba sitalihesabu kuwa kosa kwa yeyote, nitagawa alama zake kwa wote. La nne nitalisahihisha upya kwa walioandika C hata kama sababu haikukamilika. Walioandika D kwa sababu ya pengo, samahani. Karatasi hizi hapa, anzieni mstari wa mbele.